PR ina tiki zote za vigezo vya kukamilika, lakini maelezo ya migresheni yanasema "hakuna". Niikatae?

#1 MkaguziWaZamu

Wakuu, salaam. Timu yetu ina vigezo vya kazi kukamilika, na vitatu kati ya hivyo ndivyo vinavyonisumbua leo: mstari kwenye daftari la mabadiliko, nyaraka, na maelezo ya migresheni. PR iliyo mezani kwangu inaongeza safuwima ya `sarafu` kwenye jedwali la ankara, kwa sababu mfumo uliokuwa ukitoza kwa shilingi ya Tanzania pekee sasa utapokea pia ankara za Kenya na Uganda. Tunatumia Django 4.2 juu ya PostgreSQL 14. Programu inaendeshwa kwa nakala nne kwa wakati mmoja, na tunapopandisha toleo jipya, migresheni hutangulia, kisha nakala hubadilishwa moja baada ya nyingine.

Badiliko lenyewe kwenye modeli ni mstari mmoja:

```python
sarafu = models.CharField(max_length=3, default="TZS")
```

Na hivi ndivyo mwandishi alivyojaza kiolezo cha PR:

```text
[x] CHANGELOG.md: Tumeongeza safuwima ya sarafu kwenye jedwali la ankara.
[x] Nyaraka: openapi.yaml imesasishwa.
[x] Maelezo ya migresheni: Hakuna. Endesha migrate kama kawaida.
```

Majaribio yote ni ya kijani. Mwandishi anasema kila kisanduku kina jibu, kwa hiyo vigezo vimetimia. Mimi nina shaka na kisanduku cha tatu, lakini sitaki kumrudishia mtu kazi yake kwa shaka isiyo na hoja. Ninyi mkikagua visanduku hivi, mnaangalia nini hasa?

#2 TawiKuu

Mkuu, mimi ningeirudisha bila kusita. Kuongeza safuwima yenye thamani ya chaguomsingi kunailazimu hifadhidata iandike upya jedwali zima, na muda wote huo jedwali linakuwa limefungwa, hakuna anayesoma wala anayeandika. Kama ankara zenu zimefikia mamilioni, huduma itasimama mchana kweupe. Maelezo yalipaswa kusema kazi ifanyike usiku na yakadirie itachukua muda gani.

#3 FundiJedwali

TawiKuu, ulichosema kilikuwa kweli hadi PostgreSQL 10. Tangu toleo la 11, lililotoka mwaka 2018, chaguomsingi isiyobadilika kama `'TZS'` huandikwa mara moja tu kwenye katalogi ya hifadhidata, na safumlalo za zamani haziguswi. Jedwali huandikwa upya pale tu chaguomsingi inapotoa thamani mpya kwa kila safumlalo, kama vile `gen_random_uuid()`. Kwa hiyo hatari uliyoitaja haipo hapa.

Hatari iko kwingine, na huwezi kuiona kwa kusoma faili la Python. Mleta mada, nenda kwenye tawi la PR uendeshe amri hii, ukiweka namba ya migresheni yenu:

```sh
python manage.py sqlmigrate malipo 0023
```

Bila shaka utaona mistari miwili inayofanana na hii:

```sql
ALTER TABLE "malipo_ankara" ADD COLUMN "sarafu" varchar(3)
  DEFAULT 'TZS' NOT NULL;
ALTER TABLE "malipo_ankara" ALTER COLUMN "sarafu" DROP DEFAULT;
```

Mstari wa pili ndio wa kuutazama. Django huitumia chaguomsingi kujaza safumlalo zilizopo, kisha huiondoa kwenye hifadhidata, kwa sababu inachukulia kwamba kuanzia hapo thamani hiyo itatolewa na msimbo wa Python. Msimbo mpya unaitoa kweli. Lakini umesema migresheni hutangulia na nakala hubadilishwa moja moja, maana yake ni kwamba kuna kipindi ambacho msimbo wa zamani unaandika kwenye jedwali jipya. Msimbo huo hauijui `sarafu`, hautaitaja kwenye `INSERT`, na hifadhidata haina tena chaguomsingi ya kuweka. Kila ankara itakayopitia nakala ya zamani katika kipindi hicho itakataliwa.

Usiniamini kwa maneno. Endesha migresheni ya tawi jipya, kisha rudi kwenye tawi kuu bila kuirudisha hifadhidata nyuma, utengeneze ankara moja.

#4 MkaguziWaZamu

Nimefanya hivyo. Mistari ya SQL imetoka kama ulivyoiandika, na ankara imegoma:

```text
null value in column "sarafu" of relation "malipo_ankara"
violates not-null constraint
```

Sasa naelewa kwa nini majaribio hayakulalamika: yanajenga hifadhidata mpya kutoka mwanzo na kuiendesha kwa msimbo mpya peke yake. Hakuna jaribio hata moja linalokutanisha msimbo wa jana na jedwali la leo. Shukrani nyingi, FundiJedwali.

#5 Kibaraza

Naomba nichangie kuhusu migresheni, kwa kuwa tumetoka kuifanya kazini. Tulipohama kutoka seva zetu za ofisini kwenda kwenye seva za kukodi, kilichotutesa zaidi ni anwani za zamani zilizokuwa zimeandikwa ndani ya msimbo, na barua pepe zilizoendelea kwenda kwenye seva ya awali hadi wateja wakaanza kuuliza. Andikeni orodha ya anwani zote kabla ya kuhama, na mpunguze muda wa kumbukumbu za DNS mapema.

#6 TawiKuu

Kibaraza, ushauri wako ni mzuri, ila umehamia nyumba isiyokuwa yetu. Hapa jedwali liko palepale lilipokuwa, limeongezewa safuwima tu. Na wewe FundiJedwali, nimekubali kuhusu toleo la 11, lakini usinivue nguo zote hadharani. `ALTER TABLE` ya kuongeza safuwima bado inachukua kufuli ya `ACCESS EXCLUSIVE`, hata ikiwa ni kwa muda mfupi sana. Kuna siku kwetu ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inalisoma jedwali kwa dakika nyingi, migresheni ikaja kusubiri nyuma yake, na kila ombi la kawaida la kusoma likapanga foleni nyuma ya migresheni. Jedwali halikuandikwa upya hata safumlalo moja, na bado huduma ilisimama.

#7 FundiJedwali

Hapo uko sahihi kabisa, na jambo hilo nalo lilistahili sentensi moja kwenye maelezo ya migresheni. Kufuli yenyewe ni ya kitambo kidogo. Kinacholeta msongamano ni kuisubiri. Dawa ya kawaida ni kuiwekea migresheni ukomo wa kusubiri, ili ishindwe haraka na irudiwe baadaye, badala ya kuwazuia wengine wote:

```sql
SET lock_timeout = '5s';
```

Maelezo yaseme kwamba migresheni isiendeshwe ripoti ndefu ikiwa inafanya kazi, na kwamba ikishindwa kwa sababu ya ukomo huo, hakuna kilichoharibika, irudiwe tu. Mtu wa zamu atakayeona maandishi mekundu saa nne usiku anahitaji kujua hilo kabla hajaanza kubuni suluhisho lake mwenyewe.

Kuhusu chaguomsingi, njia ni mbili. Django 5.0, iliyotoka Desemba 2023, ina `db_default`, ambayo huiacha chaguomsingi ibaki ndani ya hifadhidata. Kwa kuwa mko kwenye 4.2, ongezeni operesheni ya `RunSQL`, ikiwa na `reverse_sql` yake, kwenye migresheni ileile, baada ya `AddField`:

```sql
ALTER TABLE malipo_ankara ALTER COLUMN sarafu SET DEFAULT 'TZS';
```

Kwenye PostgreSQL migresheni ya Django huendeshwa ndani ya muamala mmoja, kwa hiyo hakutakuwa na mwanya wowote kati ya hatua hizo.

#8 Zuhura_Nyaraka

Habari za jioni. Mmeng'ang'ania kisanduku cha tatu, lakini cha kwanza na cha pili navyo havijatimia.

Daftari la mabadiliko linasema "Tumeongeza safuwima ya sarafu kwenye jedwali la ankara." Nani anasoma daftari hilo? Kama ni watu wanaoiita API yenu kutoka nje, hawana habari na jedwali wala safuwima. Wanachotaka kujua ni kwamba jibu la `/api/ankara/` sasa lina uga mpya, na kwamba wakituma ankara bila kutaja sarafu itahesabiwa kuwa ni TZS. Sentensi ya mwandishi inaeleza alichokifanya yeye. Haielezi kitakachombadilikia msomaji. Mimi nikikagua mstari wa daftari huusoma kwanza kabla sijafungua msimbo, kisha najiuliza: ningekuwa mteja, ningejua kama nina jambo la kufanya? Hapa nisingejua.

Kuhusu nyaraka, ni kweli `openapi.yaml` imeguswa, lakini kisanduku kinasema "nyaraka", hakisemi "faili moja la nyaraka". Njia yangu ni kutafuta uga jirani, ambao haukubadilika, kwa sababu kila ukurasa unaoonyesha jibu la ankara lazima utakuwa nao. Kama ankara zenu zina uga wa `kiasi`, jaribu hivi:

```sh
git grep -n '"kiasi"' -- docs/
```

Kila ukurasa utakaotokea wenye `kiasi` bila `sarafu` kando yake ni ukurasa uliosahauliwa. Ukitafuta neno `sarafu` lenyewe utapata kurasa ambazo mwandishi alizikumbuka tu, na hizo sizo unazozitafuta.

#9 MkaguziWaZamu

Dada Zuhura, amri yako imetoa kurasa tatu: mwongozo wa kuanza, ukurasa wa taarifa zinazotumwa kwa wateja malipo yanapokamilika, na mfano wa risiti. Hakuna hata mmoja ulioguswa. Huo wa pili ndio ulionishtua, kwa sababu umenifanya niangalie msimbo unaotuma taarifa hizo, nikakuta nao hautumi sarafu. Kwa hiyo mteja wa Nairobi angeambiwa amelipwa 5,000 bila kuambiwa ni 5,000 za wapi.

#10 NyaliMsimbo

Hamjambo. Nina swali dogo kuhusu #8. Zuhura, huo mstari mpya utauweka chini ya kichwa gani? Kwenye muundo wa daftari ambao wengi tunaufuata kuna `Added` na kuna `Changed`. Mwandishi atasema ni nyongeza, haimvunjii mtu. Nilishafanya kazi upande wa pili wa API kama hiyo, ambapo programu yetu ilikuwa inakataa jibu lolote lenye uga usiotambulika, kwa agizo la watu wa usalama. Kwetu sisi "nyongeza" ya namna hiyo ilisimamisha mapokezi ya malipo.

#11 Zuhura_Nyaraka

Ningeuweka chini ya `Added`. Mteja anayekataa uga asioujua amejifungia mlango mwenyewe; kanuni za namba za matoleo zinakuruhusu kuongeza kitu bila kupandisha namba kubwa, almradi kilichokuwapo kinabaki kama kilivyokuwa. Nikianza kuita kila uga mpya badiliko la kuvunja, baada ya miezi michache hakuna atakayelichukulia onyo hilo kwa uzito.

#12 NyaliMsimbo

Kilichokuwapo hakijabaki kama kilivyokuwa, na hapo ndipo tunapotofautiana. `kiasi` zamani kilimaanisha shilingi ya Tanzania daima. Kuanzia toleo hili kinamaanisha "tazama uga wa jirani ndipo unielewe." Jina ni lilelile, aina ya data ni ileile, maana imebadilika. Mteja asiyebadilisha hata herufi moja kwenye msimbo wake atajumlisha shilingi za Kenya na za Tanzania kwenye ripoti moja na kupata jumla nzuri isiyo na maana yoyote. Mimi ningeandika mistari miwili, mmoja chini ya `Added` kwa uga mpya, na mmoja chini ya `Changed` kwa maana mpya ya `kiasi`.

#13 TawiKuu

Hoja ya NyaliMsimbo ina uzito, ingawa najua wenye bidhaa hawatapenda neno `Changed` kwenye tangazo la habari njema.

Nirudi kwenye swali la uzi. Tumeona visanduku vitatu vyenye tiki na vyote vitatu havijatimia. Kwa nini? Nadhani tatizo ni kwamba anayeweka tiki ndiye aliyeandika msimbo. Hana nia mbaya, ila kisanduku kimemuuliza kama ameandika kitu, naye kweli ameandika kitu. Kwetu tuliamua kwamba mwandishi anaandika majibu tu, na tiki inawekwa na mkaguzi baada ya kuthibitisha.

#14 MtaaWaSeva

Mimi nadhani tiki ya mkono, iwe ya mwandishi au ya mkaguzi, ni ya kuchosha na itazembewa siku ya haraka. Iachieni mashine. Kama PR imegusa faili la migresheni lakini haijagusa folda ya maelezo, majaribio yashindwe:

```sh
badiliko=$(git diff --name-only origin/main...HEAD)
if echo "$badiliko" | grep -q '/migrations/[0-9]'; then
  echo "$badiliko" | grep -q '^docs/migresheni/' || exit 1
fi
```

Nukta tatu ni za makusudi, ili ulinganisho uanzie pale tawi lilipoachana na `main`, na mabadiliko ya wengine yasiyo kwenye tawi hili yasihesabiwe kuwa ni yako. Daftari la mabadiliko nalo linaweza kulindwa vivyo hivyo. Hakuna kubembelezana tena.

#15 FundiJedwali

Skripti ni nzuri, ila ina mtego mmoja. `actions/checkout` kwa kawaida huleta rekodi moja tu ya mwisho ya historia, na bila historia git haiwezi kupata mahali matawi yalipoachana, kwa hiyo ulinganisho wa nukta tatu utashindwa. Ukiiweka kama ilivyo hapo juu kwenye faili lake la skripti, `badiliko` litakuwa tupu, `grep` ya kwanza haitapata kitu, na ukaguzi utapita kijani kwa kila PR. Weka `fetch-depth: 0`, na uongeze `set -e` juu kabisa ili `git diff` ikishindwa skripti nzima ishindwe. Njia ya kuthibitisha ni kutengeneza PR ya majaribio ambayo unajua inapaswa kukataliwa, uone kama inakataliwa kweli. Ukaguzi ambao hujawahi kuuona ukikataa kitu usiutegemee.

#16 Zuhura_Nyaraka

Hata ikiwekewa `fetch-depth`, ingeipokea PR ya mleta mada kwa mikono miwili. Mwandishi angetengeneza faili ndani ya `docs/migresheni/` lenye neno "Hakuna", na mashine ingefurahi. Mashine inaweza kujua kwamba faili lipo. Haiwezi kujua kwamba neno lililomo ni la uongo. Ninachohofia zaidi ni kwamba mkaguzi akiona alama ya kijani kwenye kipengele hicho ataruka kukisoma.

Kwa maoni yangu chanzo si nani anaweka tiki, TawiKuu. Chanzo ni jinsi swali lilivyoulizwa. "Maelezo ya migresheni" ni kichwa cha habari, na kichwa cha habari unaweza kukijibu kwa "hakuna". Swali lingekuwa "Msimbo wa toleo lililopita ukiandika kwenye jedwali hili baada ya migresheni, nini kitatokea?", mwandishi angelazimika kujaribu au kukiri kwamba hajui.

#17 MtaaWaSeva

Dada, maswali mazuri kwenye kiolezo huishi kwa muda mfupi. Watu huanza kunakili majibu ya PR iliyopita. Nimeona "Hakuna athari kwa msimbo wa zamani" ikihamishwa neno kwa neno kutoka PR moja hadi nyingine, hadi kwenye PR iliyofuta jedwali zima.

#18 Kibaraza

Nimewaelewa sasa, niwieni radhi kwa kuwapotosha pale #5. Niulize basi: kwa nini vigezo hivi visipangwe upya kwa kila kazi? Kazi yenye migresheni iwe na vigezo vyake, isiyo na migresheni isisumbuliwe.

#19 TawiKuu

Kibaraza, hivyo vitakuwa ni vigezo vya kuikubali kazi husika, navyo vina nafasi yake kwenye tiketi. Vigezo vya kukamilika ni vya timu nzima na ni vilevile kwa kila kazi. Mwongozo wa Skramu wa 2020 nao unavichukulia hivyo. Lakini nakubaliana nawe nusu. Kipengele kinaweza kuwa cha kudumu na bado kikaruhusu jibu la "hakihusiki", ilimradi jibu hilo lije na sababu. "Hakihusiki, PR hii haina faili la migresheni" ni jibu linalothibitika kwa kutazama orodha ya faili.

#20 MkaguziWaZamu

Wakuu, nimemrudishia mwandishi PR ikiwa na maoni matatu na ile hitilafu ya #4, na sikuhitaji kubishana naye, kwa sababu ameirudia hatua hiyo kwenye kompyuta yake na ikagoma vilevile. Kuhusu daftari amekubali mistari miwili ya NyaliMsimbo. Amesasisha kurasa tatu, ameongeza sarafu kwenye taarifa za malipo, ameweka `RunSQL`, na maelezo ya migresheni sasa yanasomeka hivi:

```text
Kabla: hakikisha ripoti ndefu haiendeshwi. lock_timeout ni sekunde 5;
  ikishindwa, rudia.
Wakati: msimbo wa zamani unaweza kuendelea kuandika ankara.
  Chaguomsingi 'TZS' imo ndani ya hifadhidata.
Kurudi nyuma: endesha "migrate malipo 0022", kisha rudisha msimbo.
```

Naona imetosha. Kuna anayeona pengo kabla sijaidhinisha?

#21 FundiJedwali

Mstari wa mwisho, mkuu, usiuache upite. `migrate malipo 0022` itafuta safuwima ya `sarafu` pamoja na kila kilichomo. Django itasema migresheni inarudishika, na ni kweli kwamba muundo wa jedwali utarudi ulivyokuwa, lakini ankara za Kenya zilizoingia baada ya kupandisha toleo zitabaki na kiasi bila sarafu, na hata ukiipandisha tena `0023` zote zitajazwa TZS. Juu ya hayo, mpangilio wenyewe una kasoro: ukifuta safuwima wakati msimbo mpya bado unafanya kazi, kila usomaji wa ankara utashindwa.

Kwa kuwa chaguomsingi sasa imo ndani ya hifadhidata, kurudi nyuma hakuhitaji kugusa jedwali hata kidogo. Rudisheni msimbo tu, safuwima ibaki. Maelezo yaseme hivyo waziwazi, na yakataze `migrate malipo 0022` kwenye seva halisi.

#22 NyaliMsimbo

Nakubali, lakini hata "rudisheni msimbo tu" si salama kama inavyosikika. Msimbo wa zamani utaisoma ankara ya KES 5,000 na kuionyesha kama TZS 5,000, kwa sababu kwake sarafu haipo. Hakutakuwa na hitilafu yoyote kwenye logi. Kutakuwa na mteja aliyetozwa pungufu mara nyingi. Na hilo halingoji mrudi nyuma. Litatokea hata wakati wa kupandisha, ikiwa ankara ya Kenya itaandikwa na nakala mpya kisha ikasomwa na nakala ya zamani sekunde chache baadaye.

Ningetaka msimbo wa toleo hili ukatae sarafu yoyote isiyokuwa TZS hadi swichi ifunguliwe, na swichi ifunguliwe baada ya nakala zote nne kubadilishwa na kutulia. Maelezo yaongezwe mstari: baada ya ankara ya kwanza isiyo ya TZS, hakuna kurudi kwenye toleo la zamani, ni kusahihisha kwenda mbele.

#23 MkaguziWaZamu

Nimempelekea mwandishi #21 na #22. La kwanza amelibadilisha papo hapo. La pili anasema swichi ni kazi nyingine yenye tiketi nyingine, na kwamba vigezo vya kukamilika vinadai maelezo ya migresheni, havidai kubadilisha muundo wa kazi. Yuko tayari kuandika onyo kwenye maelezo, basi.

#24 Zuhura_Nyaraka

Kwa barua ya vigezo, ana haki. Onyo likiandikwa vizuri, kisanduku kimetimia.

#25 NyaliMsimbo

Onyo hilo litamwambia mtu wa zamu nini? "Hakikisha hakuna ankara ya Kenya itakayoingia wakati wa kupandisha"? Hana namna ya kulizuia hilo. Maelezo ya migresheni yanayomtaka msomaji afanye jambo lisilowezekana ni sawa na "hakuna" ya mwanzo, tofauti ni urefu wa sentensi. Mimi nisingeidhinisha.

#26 TawiKuu

Kuna njia ya tatu: nakala mpya zipandishwe kwanza, na wateja wa Kenya na Uganda wapewe funguo zao za API siku inayofuata. Funguo zenyewe ndizo swichi, na hakuna msimbo wa kuongeza. MkaguziWaZamu, wateja hao wameshapewa funguo au bado?

#27 MkaguziWaZamu

Wa Uganda bado. Wa Kenya wawili wanazo tangu wiki iliyopita, wanazitumia kwenye seva ya majaribio, na funguo ni zilezile kwa seva zote mbili. Naenda kuuliza kama zinaweza kusimamishwa upande mmoja tu. PR nimeiacha wazi.